Riba ya madaraja: kwa nini akaunti yenye milioni tano na ushee ililipwa shilingi 6,583.56

*"Nafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina akaunti ya akiba, na kipeperushi nilichopewa tawini kinasema riba kwa mwaka ni hivi: mpaka laki moja hakuna riba, zaidi ya laki moja mpaka milioni 1, asilimia 1, zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 5, asilimia 2.5, zaidi ya milioni 5, asilimia 4. Riba inaingia kila mwezi. Septemba nilianza na 4,200,000. Tarehe 6 nikaweka 1,800,000, tarehe 19 nikatoa 1,500,000 kununua mzigo, tarehe 27 nikaweka 900,000. Nikafunga mwezi na 5,400,000. Nilipiga asilimia 4 ya hiyo nikagawa kwa 12, nikapata 18,000. Imeingia 6,583.56 tu. Nimeibiwa, au kuna kitu sikijui?"*

Dada yangu, hujaibiwa. Nimeirudia hesabu ya akaunti yako mpaka senti na imekubali. Ila sikulaumu hata kidogo kwa kushtuka, kwa sababu kipeperushi kimekupa viwango vya riba bila kukuambia mambo mawili ambayo ndiyo yanaamua utalipwa ngapi: kila kiwango kinagusa sehemu gani ya pesa, na pesa inayohesabiwa ni ya siku ipi. Mistari miwili tu ingetosha kuyasema hayo, na mteja angelala usingizi wake.

Tuyatafute wenyewe. Chukua simu, fungua kikokotoo, na badala ya kuanza na kipeperushi anza na kile kilichoingia, kisha tembea kinyumenyume.

Kitu cha kwanza kukumbuka ni kodi. Riba ya akaunti ya akiba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla haijakufikia. Benki inaikata na kuipeleka TRA, na kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania ambaye akiba hiyo ni yake mwenyewe, hapo kodi ya riba hiyo imekwisha. Kwa hiyo 6,583.56 ni tisa ya kumi ya riba yenyewe. Ukiigawa kwa 0.9 unapata riba kabla ya kodi. Ukiomba taarifa kamili ya akaunti, badala ya kutegemea meseji, mara nyingi utaona mistari miwili inayofuatana: `Credit Interest` yenye 7,315.07 na `Withholding Tax` yenye 731.51. Benki nyingine huandika `INT` na `WHT` kwa kifupi, lakini ni mambo yale yale.

Kitu cha pili ni siku. Viwango vyote kwenye kipeperushi ni vya mwaka mzima, na Septemba ina siku 30. Ukiizidisha riba ya mwezi kwa 365 kisha ukaigawa kwa 30, unapata riba ambayo pesa ile ile ingezaa kama ingekaa mwaka mzima. Hesabu zote mbili ni hizi:

```
6583.56 / 0.9 = 7315.07
7315.07 * 365 / 30 = 89000.02
```

Itazame hiyo 89,000. Senti mbili za mwisho ni za kukadiria tu, kwa sababu benki inakata kwenye senti. Hesabu ya riba ikirudi nyuma na kuangukia namba nzima namna hii, ujue umeshika njia waliyopita wao. Nilijaribu pia kuzidisha kwa 12, kwa kuwa zipo benki zinazogawa mwaka kwa miezi bila kujali siku, nikapata 87,780.84, namba isiyoelekea popote. Benki yako inahesabu kwa siku.

Sasa hiyo 89,000 kwa mwaka imetoka wapi? Hapa ndipo madaraja yanapoingia.

Fikiria mitungi minne imepangwa ukutani. Unapomimina maji, unaanza na mtungi wa kwanza. Ukijaa ndipo maji yanayozidi yanaingia wa pili, na wa pili ukijaa yanaingia wa tatu. Yaliyomo kwenye mtungi wa kwanza hayahami kwa sababu wa tatu umeanza kupata maji. Riba yako inalipwa hivyo. Shilingi 100,000 za mwanzo ziko mtungi wa kwanza, hazizai kitu. Shilingi 900,000 zinazofuata, zile za kutoka laki moja mpaka milioni moja, zinazaa asilimia 1, yaani 9,000 kwa mwaka. Baada ya hapo kila shilingi mpaka milioni tano inazaa asilimia 2.5. Ili tufike 89,000 tunahitaji 80,000 nyingine, na 80,000 ni asilimia 2.5 ya 3,200,000. Jumlisha: laki moja, laki tisa, na milioni tatu na laki mbili. Jumla ni 4,200,000.

Umeiona? Hiyo ndiyo pesa uliyoanza nayo tarehe 1 Septemba, na ndiyo ndogo kuliko zote zilizolala kwenye akaunti yako mwezi ule. Milioni sita ya katikati ya mwezi haikuhesabiwa. Milioni tano na laki nne ya mwisho wa mwezi haikuhesabiwa. Benki yako inalipa riba juu ya salio la chini kabisa la mwezi, na inailipa kwa mtindo wa mitungi. Hizo ndizo kanuni mbili ambazo kipeperushi kimezinyamazia.

Watu wengi wanaisoma ile "zaidi ya milioni 5, asilimia 4" kama ulivyoisoma wewe: kwamba ukivuka milioni tano, pesa yote inapanda daraja. Na siyo kosa la kujitungia. Akaunti za namna hiyo zipo kweli, ambapo salio zima linahamia kiwango kipya. Kwenye akaunti hizo mpaka wa daraja unakuwa kama genge la mlimani: mwenye milioni 5 kamili anapata asilimia 2.5 ya zote, yaani 125,000 kwa mwaka, na mwenye milioni 5 na shilingi moja anapata asilimia 4 ya zote, yaani 200,000. Shilingi moja imeleta elfu sabini na tano. Mtu mwenye akaunti ya hivyo ana haki ya kuhangaika asishuke chini ya mpaka hata kwa siku moja.

Kwenye akaunti ya mitungi, kama yako, genge hilo halipo. Ukivuka milioni tano kwa shilingi elfu moja, ile elfu moja peke yake ndiyo inayozaa asilimia 4, yaani shilingi 40 kwa mwaka. Chini yake hakibadiliki kitu. Ndiyo maana nakwambia mapema: usikope kwa jirani wala usikimbize mzigo kwa bei ya hasara ili "ufikishe tano". Mwalimu anayekatwa kodi ya mshahara anaujua mtindo huu vizuri, kwa sababu PAYE nayo inakatwa kwa madaraja: nyongeza ya mshahara inakatwa kwa kiwango cha juu, lakini mshahara wa chini yake unabaki na kiwango chake.

Kanuni ya pili, ile ya salio la siku ipi, ndiyo iliyokuuma zaidi, na nataka tukae nayo kidogo kwa sababu biashara yako ya Kibirizi inagongana nayo uso kwa uso.

Zipo njia tatu ambazo benki hutumia. Ya kwanza ni salio la kila siku: mfumo unatazama kilicholala kwenye akaunti siku inapofungwa, unakokotoa riba ya siku hiyo, unaiweka pembeni, na mwisho wa mwezi unajumlisha zote. Ya pili ni wastani wa mwezi: wanajumlisha masalio ya siku zote, wanagawa kwa idadi ya siku, kisha wanapiga riba mara moja. Ya tatu ndiyo ya kwako: wanatafuta siku ambayo akaunti ilikuwa na pesa ndogo kuliko siku zote, na hiyo ndiyo inayowakilisha mwezi mzima.

Tupige mwezi wako huo huo kwa salio la kila siku, na mitungi ile ile, uone tofauti. Tarehe 1 mpaka 5 ulikuwa na 4,200,000, siku tano, kwa kasi ya 89,000 kwa mwaka. Tarehe 6 mpaka 18 ulikuwa na 6,000,000, siku kumi na tatu. Kwa milioni sita mitungi inatoa 9,000, kisha 100,000 ya mtungi wa tatu uliojaa, kisha 40,000 ya milioni moja iliyozidi, jumla 149,000 kwa mwaka. Tarehe 19 mpaka 26 ulikuwa na 4,500,000, siku nane, kwa kasi ya 96,500. Tarehe 27 mpaka 30 ulikuwa na 5,400,000, siku nne, kwa kasi ya 125,000. Unazidisha kila kasi kwa siku zake, unajumlisha, unagawa kwa 365:

```
(5*89000 + 13*149000 + 8*96500 + 4*125000) / 365 = 10010.96
```

Ukiondoa kodi, mkononi ingebaki 9,009.86. Umepata 6,583.56. Tofauti ni kama shilingi 2,400 kwa mwezi, na yote imetokana na pesa iliyokuwepo benki kuanzia tarehe 6 mpaka 30 bila kuhesabiwa.

Sasa tazama pesa ya dagaa inavyotembea. Mwezi wa angani ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na wewe pesa ya mauzo inakaa benki. Giza likirudi wavuvi wanaingia ziwani, unatoa pesa, unanunua. Pesa yako ya mzunguko inalala benki siku kumi, siku kumi na mbili, kisha inatoka. Chini ya kanuni ya salio la chini, pesa inayoingia tarehe 6 na kutoka tarehe 19 haizai kitu. Inayoingia tarehe 27 na kutoka tarehe 8 ya mwezi unaofuata nayo haizai kitu, katika Septemba wala katika Oktoba. Inayozaa ni ile tu iliyolala humo kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho ya mwezi wa kalenda. Kalenda ya benki na kalenda ya ziwa hazifuatani, na anayelipia hiyo tofauti ni wewe.

Kanuni hii ina mtego mwingine mbaya zaidi, na nimeuona ukimnasa mkulima wa tumbaku kule Urambo nilipokuwa nasaidia vyama vya ushirika kutunza vitabu. Alikuwa na milioni nne na ushee, akatoa karibu yote asubuhi moja kulipia pembejeo za kikundi, na keshokutwa wenzake wakamrudishia pesa ikaingia tena. Kwake yeye pesa "haikuondoka". Kwa mfumo wa benki, mwezi ule alikuwa mtu wa laki kadhaa. Chukua mfano wa akaunti yako: ungetoa 3,500,000 tarehe 3 ikabaki 700,000 usiku mmoja tu, halafu kesho yake ukairudisha yote, riba ya Septemba nzima ingehesabiwa juu ya 700,000. Hapo unatoa laki moja isiyozaa, unabaki na 600,000 kwa asilimia 1, yaani 6,000 kwa mwaka, na kwa siku 30 ni shilingi 493.15 kabla ya kodi. Usiku mmoja ungekugharimu karibu shilingi 6,800 kabla ya kodi.

Kwa hiyo kuna jambo moja la kufanya ambalo halina gharama. Ukijua unakuja kutoa pesa nyingi mwisho wa mwezi, na mzigo unaweza kusubiri, usitoe tarehe 30. Toa tarehe 1. Kutoa tarehe 30 kunaharibu mwezi unaokwisha pamoja na unaoanza; kutoa tarehe 1 kunaharibu mmoja tu. Na ukiweka pesa, hakikisha imeingia kabla ya siku ya mwisho ya kazi ya mwezi, kwa sababu iliyowekwa kwa wakala jioni au Jumamosi inaweza kusomwa na mfumo kuwa ni ya siku ya kazi inayofuata. Kwenye taarifa ya akaunti hiyo ni safu ya `Value Date`, na ndiyo inayohesabiwa kwenye riba, siyo tarehe uliyokabidhi noti.

Mzigo wenyewe ukikosa subira, nenda kanunue. Kusubiri siku tatu ili kuokoa shilingi elfu mbili huku dagaa mkavu anapanda bei ni kuipigia hesabu pesa ndogo na kuiacha kubwa.

Je, uhamie benki inayohesabu kwa salio la kila siku? Inategemea makato. Ile tofauti ya 2,400 kwa mwezi inaonekana nzuri mpaka uulize ada ya kuendesha akaunti. Ikiwa huko unakotaka kwenda wanakata 2,500 kila mwezi na hapa ulipo hawakati, umehamia hasara. Uliza pia kama akaunti yao ina kikomo cha kutoa pesa. Akaunti nyingi za akiba zina sharti kwamba ukitoa zaidi ya mara kadhaa kwa mwezi unapoteza riba ya mwezi wote, na kwa mtu anayenunua mzigo kwa awamu sharti hilo ni zito kuliko kiwango chochote kilichoandikwa kwa wino mkubwa.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu wa kazi yako ni kutenga. Pesa ya mzunguko iwekwe kwenye akaunti ya kawaida au pochi ya simu, mahali ambapo kuitoa ni rahisi. Kama tulivyoona, kwenye akaunti hii ya akiba haizai kitu hata hivyo, kwa hiyo hupotezi riba. Akiba ibaki peke yake bila kuguswa. Riba haitapanda kwa kutenga tu, nisikudanganye. Unachopata ni kwamba salio halitashuka chini ya ile milioni nne na laki mbili kwa bahati mbaya, na hutavuka kikomo cha kutoa.

Na kama kuna kipindi unajua kabisa huhitaji sehemu ya pesa, uliza akaunti ya muda maalumu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, siku 92. Tuseme katika kipindi kama hicho unaweka 3,000,000 na benki inakubali asilimia 6 kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha mfano, cha kwako mtapatana hukohuko. Riba kabla ya kodi ni 3,000,000 mara asilimia 6, mara 92, gawa kwa 365, yaani 45,369.86. Milioni tatu hiyo hiyo ikibaki kwenye mtungi wako wa asilimia 2.5 muda ule ule ingezaa 18,904.11. Zote mbili zinakatwa kodi ya asilimia 10. Lakini uliza kwanza ukivunja mkataba kabla ya siku unapoteza nini, kwa sababu mara nyingi riba yote au sehemu kubwa inaondoka, na mgonjwa nyumbani hasubiri siku 92.

Sasa, lini useme kuna kosa kweli? Ukifanya ile hesabu ya kurudi nyuma na usiangukie salio lolote ulilowahi kuwa nalo mwezi huo, wala kwa mitungi wala kwa salio zima, hapo pana kitu. Kabla ya kupandisha sauti, tazama sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, viwango vimebadilishwa na wewe bado unashika kipeperushi cha zamani. Tazama tarehe iliyo chini ya karatasi. Ya pili, riba ya mwezi imeingia tarehe 1 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo unalinganisha mwezi usio wake. Ya tatu, na hii ni ya kibinadamu kabisa, akaunti ilifunguliwa kwa aina isiyo sahihi kwenye mfumo. Tulipomaliza suala la salio la chini la yule mkulima wa Urambo, tulimkuta jirani yake, mwenye akaunti kwenye benki nyingine, ambaye hakuwa anapata riba hata senti kwa miezi mingi. Alisaini fomu ya akiba, lakini aliyeingiza taarifa alichagua akaunti ya kawaida isiyo na riba. Hakuna hesabu ingeweza kulionyesha hilo. Lilionekana kwa sababu mstari wa riba haukuwepo kabisa kwenye taarifa. Walimrekebishia na kumlipa ya nyuma, lakini baada ya kwenda na nakala ya fomu yake.

Kwa hiyo nenda tawini mara moja, hata kama hesabu yako imekubali. Ulichogundua kwa kikokotoo unakihitaji kwa maandishi. Keti na ofisa wa huduma kwa wateja, siyo dirishani kwenye foleni, na muulize kwa utaratibu: riba inahesabiwa kwa salio la siku, la wastani au la chini la mwezi? Kiwango cha daraja kinagusa salio zima au sehemu iliyo ndani ya daraja tu? Akaunti yangu imesajiliwa aina gani kwenye mfumo, na ina kikomo cha kutoa mara ngapi? Omba jedwali la viwango linalotumika sasa, lenye tarehe na muhuri. Usimpe mtu namba yako ya siri hata kidogo, hata akisema anataka kukuangalizia. Taarifa zote hizi ofisa anazipata kwenye mfumo wake kwa namba ya akaunti na kitambulisho.

Ikitokea hesabu haikubali na majibu yanazunguka, andika barua ya malalamiko ukiambatanisha taarifa ya akaunti na hesabu yako, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Wasipolitatua, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za kifedha, na jambo la kwanza watakalokuuliza ni kama ulianza na benki yako, na ushahidi uko wapi. Ile nakala yenye muhuri ndiyo jibu.

Wakati huo huo unaweza kuipima benki wewe mwenyewe mwezi huu. Ikiwa riba ya Septemba iliingia usiku wa tarehe 30, Oktoba umeianza na 5,406,583.56. Kama hutatoa kitu mpaka mwezi uishe, hilo ndilo salio la chini la Oktoba. Mitungi inatoa 9,000, inatoa 100,000, na zile 406,583.56 zilizozidi milioni tano zinatoa 16,263.34, jumla 125,263.34 kwa mwaka. Oktoba ina siku 31:

```
125263.34 * 31 / 365 = 10638.80
10638.80 * 0.9 = 9574.92
```

Iandike 9,574.92 kwenye daftari lako la mauzo leo. Ikiingia hiyo, tumeijua kanuni yao. Ukilazimika kutoa pesa kabla ya hapo, shika salio dogo kuliko yote utakalobaki nalo, urudie mistari hiyo miwili. Na ikiingia namba nyingine kabisa, niandikie pamoja na taarifa ya mwezi mzima, ukiwa umefunika namba ya akaunti, tuitafute pamoja.